Namba 0412: utepe wa mkononi na zile hatua mbili kati ya jicho na mkono

Mhudumu wa kaunta hakuniita kwa sauti. Aliinua kidole kimoja juu ya bega, kama tulivyokubaliana mchana, akaendelea kufuta glasi. Nilipofika, mbele yake alikuwa amesimama msichana aliyeshika pesa mkononi, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia kulikuwa na utepe wa njano wenye mistari myeusi. Ulikuwa utepe wetu, wa siku hiyohiyo, na gundi yake ilikuwa imeshika vizuri. Ulimaanisha kwamba mtu wa getini ameona kitambulisho chake, amehakikisha ametimiza miaka 18, na sasa anaweza kuuziwa bia.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, naomba nione mkono wako."

Aliunyoosha bila ubishi. Kila utepe una namba iliyopigwa chapa, na wake ulikuwa 0412. Nikamuuliza nani alimfunga.

"Nilijifunga mwenyewe, dada. Nilipewa."

Alikuwa na miaka 16. Aliniambia mwenyewe baada ya dakika chache, akiwa ameketi nyuma ya meza ya huduma ya kwanza na chupa ya maji, akitusubiri tumpate mtu mzima wa nyumbani kwao kwenye simu. Hakuwa amelewa, ndiyo kwanza alikuwa amefika kaunta. Lakini hata kama angekuwa amelewa, kanuni yangu ni ileile: mtoto hatolewi nje usiku peke yake ili tu tamasha libaki safi. Anakaa na mtu anayemwangalia mpaka aje wa kumchukua.

Nimesimamia mageti ya matamasha kwa miaka kadhaa sasa, na watu wakiniuliza kuhusu ukaguzi wa umri, karibu wote huuliza habari za vitambulisho bandia. Wanataka kujua tochi za urujuanimno, kadi zilizochapishwa upya, tarehe zilizokwanguliwa. Hayo yapo. Lakini usiku wa namba 0412 hapakuwa na kitambulisho bandia hata kimoja. Vyote vilikuwa halali na vyote vilikuwa vya watu wazima. Tatizo lilipita kwenye hatua mbili zilizo kati ya jicho linalokagua na mkono unaofunga, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Kwanza nieleze mpango wetu ulivyokuwa. Tamasha lilikuwa la muziki. Waliotimiza miaka 16 waliruhusiwa kuingia, lakini pombe ilikuwa kwa waliotimiza 18 tu. (Namba hizi hubadilika kutoka nchi hadi nchi, nchi nyingi zimeweka 18, Marekani ni 21. Kazi ya getini haibadiliki.) Kila aliyeingia aligongwa muhuri wa wino mkononi kuonyesha tiketi yake imekaguliwa. Aliyetimiza 18 na kuthibitisha alifungwa utepe wa njano juu ya hapo. Mdogo hakufungwa chochote.

Mpangilio huo si wa bahati. Miaka ya mwanzo nilifanya kazi kwenye hafla moja ambako waliovalishwa alama walikuwa wadogo: wao walifungwa utepe mwekundu, watu wazima wakapita mikono mitupu. Kwenye karatasi ilionekana rahisi, kwa sababu wadogo walikuwa wachache na tepe zingetumika kidogo. Kufikia katikati ya usiku ndoo za taka za vyooni zilikuwa zimejaa vipande vyekundu. Kijana alikata utepe wake kwa meno, akanyoosha mkono mtupu kaunta, na mkono mtupu ndio uliokuwa na haki ya kununua. Alama anayopewa mtu ambaye atafaidika akiivua haiwezi kudumu. Tangu hapo sikubali mpango wowote wa namna hiyo. Alama apewe mwenye haki, ili ikidondoka, ikilowa au ikikatika, hasara iwe kwamba mtu mzima anarudi getini kukaguliwa tena. Hilo ni usumbufu wa dakika mbili, na naupokea kwa moyo mweupe.

Tepe zenyewe zilikuwa za aina ya kawaida kabisa, zile zinazofanana na karatasi ingawa zimetengenezwa kwa nyuzi laini za plastiki zilizobanwa pamoja kwa joto. Huja kumi kumi zikiwa zimeshikana kama ukurasa mmoja, kila moja na namba yake. Hazichaniki kwa kuvuta, na hazidhuriwi na maji. Mwisho mmoja una gundi iliyofunikwa kwa kikaratasi, na sehemu hiyo ya gundi imechanjwa vikato vidogo. Vikato ndivyo usalama wake: ukijaribu kubandua utepe ulioshika, sehemu ya gundi inararuka vipandevipande badala ya kutoka nzima. Aina nyingine zipo, za plastiki nene zenye kifungo kisichofunguka tena, na za kitambaa zenye kibano chenye meno, ambazo hufaa kwa tamasha la siku tatu. Kwa usiku mmoja hizi za karatasi zinatosha, kwa sharti kwamba zimefungwa sawasawa.

Na hapo ndipo neno "sawasawa" linabeba mzigo mkubwa. Gundi lazima iangukie juu ya utepe wenyewe. Ikiangukia ngozi au vinyweleo haishiki, na ikishika nusu, mtu anaibandua polepole huko ndani na vikato havifanyi kazi yake. Kati ya utepe na mkono iingie ncha ya kidole kimoja. Vikiingia viwili, utepe umelegea. Mkono wa binadamu unakunjika kuliko tunavyodhani. Mtu akikunja kidole gumba ndani ya kiganja na kupaka sabuni au mafuta, utepe uliolegea unateleza mzima, unavuka uzio, unafungwa kwa rafiki. Ukishaubana mahali pake, unaukandamiza kwa kidole gumba kwa sekunde chache ili gundi ishike, hasa usiku wenye unyevu au mkono wenye jasho. Wote wafungwe mkono uleule. Sisi tulichagua wa kulia, kwa sababu ndio wengi hunyoosha kupokea glasi, kwa hiyo mhudumu anauona bila kuomba.

Ujanja ninaoukuta mara nyingi kuliko mwingine wote huanza kwa sentensi ya upole: "Nipe tu, nitajifunga mwenyewe." Wakati mwingine ni mtu asiyependa kushikwa, na naheshimu hilo, namwomba ashike mwenyewe na mimi nitazame mpaka mwisho. Lakini kwa wengine sentensi hiyo ni mpango. Akipewa utepe ukiwa wazi, anabandika kipande cha selotepu juu ya gundi, au anaacha kikaratasi kidogo bila kukibandua, na sasa ana utepe unaofunguka na kufungwa mara kumi. Ukitaka kuutambua, tazama kiungo. Utepe uliofungwa na mkaguzi una kiungo bapa na kingo zilizolala. Uliochezewa una pembe iliyoinuka, una mng'aro wa selotepu, au gundi yake imechafuka kwa uzi na vumbi. Wahudumu wa kaunta nawafundisha jambo moja tu: kabla ya kumimina, pitisha kidole chini ya utepe na uvute kidogo. Utepe mzima hautasogea.

Namba 0412 ilipita majaribio hayo yote. Haikuvuliwa mkononi mwa mtu mwingine. Ilifika kwa msichana ikiwa mpya.

Swali likawa: ilitoka meza gani, na saa ngapi?

Bahati nzuri tulikuwa na daftari. Tulikuwa na meza tatu getini, na kila meza ilianza na kitita chake cha namba. Kila nusu saa, msimamizi wa meza aliandika namba ya utepe utakaofuata. Ni kazi ya sekunde tano, na wengi hudhani ni ya kuhesabu mali tu. Meza ya pili ilikuwa imeandika hivi: saa mbili usiku, 0301. Saa mbili na nusu, 0362. Saa tatu, 0447.

Kwa hiyo 0412 ilitoka meza ya pili, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu, tuseme karibu saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Lakini daftari lilikuwa linasema jambo la pili, na ni hili lililonishtua nilipokaa nalo. Nusu saa ya kwanza meza ile ilifunga tepe 61. Hiyo ni karibu sekunde 30 kwa mtu mmoja: kupokea kadi, kutazama uso, kusoma tarehe, kufunga, kukandamiza. Ndiyo kasi ya kazi iliyofanywa vizuri. Nusu saa ya pili ilifunga 85, sekunde 21 kwa mtu mmoja. Hakuna aliyeongezwa kwenye meza ile, wala hakuna mashine iliyoletwa. Sekunde tisa kwa kila mtu ziliondolewa mahali fulani, na getini hakuna sekunde ya kupoteza isipokuwa zile za kutazama na za kufunga.

Nikamwendea kijana aliyekuwa akifunga meza ya pili. Ni kijana mwadilifu, na alinijibu bila kuficha.

"Dada, foleni ilikuwa imefika barabarani. Alikuja kaka mmoja, akanionyesha vitambulisho vinne mkononi, chake na vya wenzake. Akasema wenzake wanaegesha gari, wanakuja. Mwenzangu akavisoma vyote, vyote vilikuwa sawa. Nikamfunga yeye, nikampa tatu za wenzake."

"Nyuso za wenzake uliziona?"

Alinyamaza.

Tepe nne, 0411 hadi 0414. Moja ikafungwa mkononi mwa mwenyewe, tatu zikatembea. Vitambulisho vilikuwa halali kwa asilimia mia. Vingepita kwenye tochi, vingepita kwenye mashine ya kusoma kadi, kwa sababu mashine huijua kadi, haimjui aliyeishika. Meza ile ilikagua umri wa plastiki.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kitambulisho halali cha mtu mwingine ndicho kinachopita kwa urahisi zaidi, hata pale ambapo mwenye kukishika amesimama mbele yako. Dada mkubwa anamwazima mdogo wake. Binamu anaacha kadi yake ya zamani. Tunajidanganya kwamba macho yetu yanajua nyuso. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza waliwajaribu makeshia wa duka kubwa kwa kadi za benki zenye picha, nao wakapokea zaidi ya nusu ya kadi zilizokuwa na picha ya mtu mwingine. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa maofisa wa pasipoti nchini Australia, watu ambao kazi yao ni hiyo. Walikubali asilimia 14 ya picha zisizokuwa za mtu aliyesimama mbele yao, na miaka ya kazi haikuwafanya waone vizuri zaidi. Nilipoyajua hayo niliacha kuwaambia wakaguzi wangu "mtazame vizuri". Niliwapa utaratibu.

Utaratibu huo huanza na mtu. Mtazame uso kwanza, kabla hujapokea kadi, kwa sababu ukianza na picha unautafuta uso ule ndani ya uso ulio mbele yako na hakika utaupata. Kadi itoke ndani ya pochi, uishike mwenyewe, uguse kingo zake. Kofia na miwani ya giza ivuliwe. Kisha linganisha yale yasiyobadilika kwa saluni: umbo la sikio, pua, umbali kati ya pua na mdomo, kidevu. Nywele, ndevu na unene viache. Ukibaki na shaka, uliza, ila usiulize tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ameikariri njiani kote. Muulize jina la katikati lililoandikwa kwenye kadi, au mwaka aliomaliza shule. Mwenye kadi hujibu kabla hujamaliza swali. Aliyeazima anahesabu, na unaona macho yake yakihesabu.

Hesabu ya tarehe nayo ina mtego wake, na huu huwanasa wakaguzi waaminifu. Mtu amechoka, anasoma mwaka 2007, anatoa kwenye 2025, anapata 18, anafunga. Lakini kama tamasha ni tarehe 14 Juni na kijana alizaliwa Novemba, bado ana miaka 17. Dawa yake ni kutomwachia mtu yeyote hesabu usiku. Mchana naandika kwa kalamu nene na kubandika kila meza: "Afungwe aliyezaliwa tarehe 14 Juni 2007 au kabla ya hapo." Mkaguzi analinganisha tarehe mbili tu, hatoi wala hajumlishi. Na kama tamasha linavuka saa sita usiku, tunaamua mapema kuhusu yule anayetimiza 18 ikishafika tarehe 15. Mimi husema tarehe iliyobandikwa haibadiliki mpaka geti lifungwe; akitaka utepe, arudi getini baada ya saa sita na tutamfunga kwa furaha. Jambo dogo, lakini lisipoamuliwa mchana huamuliwa na mlinzi mmoja usiku, kwa namna yake.

Kuhusu kadi zilizochezewa nisiseme mengi. Kadi zenye mistari ya herufi na namba za kusomwa na mashine hurudia tarehe ya kuzaliwa huko, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa 7 Machi 2009 ataonekana 090307. Anayebadilisha 2009 kuwa 2006 kwenye uso wa kadi mara nyingi husahau mistari hiyo. Geuza kadi. Zaidi ya hapo, ukikuta bandia, kataa kiungwana, andika kwenye daftari la waliokataliwa saa na sababu, na usiichukue kadi ya mtu kama sheria ya mahali ulipo haikupi mamlaka hayo. Wala usiipige picha. Getini tunahitaji jibu moja, ndiyo au hapana. Jina la mtu na anwani yake vikibaki kwenye simu ya mfanyakazi wa siku moja, tumemkosea.

Turudi meza ya pili, kwa sababu kijana yule hakuwa chanzo. Chanzo kilikuwa hesabu yangu mimi niliyepanga zamu.

Tulitarajia watu 900. Nilijua, kwa uzoefu, kwamba wengi hawaji mlango unapofunguliwa. Huja saa moja kabla ya msanii mkuu kupanda. Tuseme 600 kati yao waje ndani ya saa moja hiyo. Meza inayochukua sekunde 30 kwa mtu hupitisha watu 120 kwa saa. Meza tatu hupitisha 360. Basi baada ya saa hiyo kuna watu 240 bado nje, wanasikia muziki umeanza, wanasukumana, wanawapigia kelele vijana wangu. Kwa watu 600 zilihitajika meza tano. Mimi niliweka tatu kwa sababu niligawanya watu 900 kwa saa zote za jioni, kana kwamba watu huja mmojammoja kama matone ya bomba. Shinikizo lile ndilo lililokata zile sekunde tisa. Meza ikizidiwa, haianzi kwa kuacha kusoma tarehe, kwa sababu hiyo ni dhahiri mno. Huanza kwa kubandua tepe kabla na kuzipanga ukingoni mwa meza tayari kunyakuliwa. Kisha humpa mtu utepe ajifunge akitembea. Mwisho huwapa marafiki kwa pamoja. Nimeona mfuatano huu mageti mengi, na kila mara hatua ya kwanza ni zile tepe zilizobanduliwa ukingoni. Nikiziona sasa, nasimamisha meza na kuongeza mtu.

Usiku ule tulifanya yaliyowezekana. Tuliziandika namba nne kwenye kipande cha boksi, tukakipeleka kila kaunta. Kaka mwenye 0411 alipatikana ndani ya nusu saa, na kwa vile ni mtu mzima, alitolewa bila purukushani. Namba 0413 ilipatikana kwa mvulana wa miaka 17, naye akaketi pamoja na yule msichana. Namba 0414 haikuonekana. Kaunta iliyokuwa karibu na jukwaa ilikuwa na taa nyekundu, na chini ya taa nyekundu njano, nyeupe na waridi huwa kitu kimoja, bluu na kijani huwa nyeusi, na namba ndogo haisomeki. Tangu hapo hupeleka sampuli ya utepe chini ya kila taa ya kaunta kabla ya kuchagua rangi, na mistari iliyochapishwa huihesabu kuwa muhimu kuliko rangi, maana hata mwangani wapo wahudumu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Rangi yenyewe hatuitangazi mpaka mlango ufunguliwe, kwa sababu tepe tupu za rangi zote zinauzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Kuna jambo moja ambalo utepe hauwezi kabisa, na sitaki msomaji aondoke akidhani tumelifunga. Mtu mzima mwenye utepe halali ananunua bia mbili, anageuka, anampa mdogo moja. Geti haliwezi kuliona hilo. Kinachosaidia ni kikomo cha vinywaji kwa kila ununuzi, vikombe vya pombe vyenye umbo tofauti na vya soda, na mtu anayezunguka ukumbini akitazama vikombe na mikono kwa pamoja: kikombe cha pombe katika mkono usio na utepe. Na mhudumu wa kaunta abaki na haki yake ya kusema hapana hata mbele ya utepe uliofungwa vizuri. Yule aliyeinua kidole usiku ule aliuona uso wa mtoto juu ya utepe wa mtu mzima, akaamini uso. Kama ningekuwa nimemwambia kwamba utepe ukiwepo auze tu, 0412 ingekunywa.

Tulichobadilisha ni kile kipande cha kati. Zamani mkaguzi alisimama upande mmoja wa meza, akarudisha kadi, na mgeni akatembea hatua mbili hadi kwa mfungaji. Ndani ya hatua hizo mbili mtu alikuwa ameachana na kitambulisho chake. Mfungaji alifunga mkono wowote uliofika mbele yake. Sasa wanasimama bega kwa bega. Mkaguzi akishakubali, hamrudishii mgeni kadi. Anampa mfungaji. Mfungaji anatupia jicho picha na uso, anafunga, anakandamiza, anavuta kidogo, ndipo anarudisha kadi kwa mkono uleule alioufunga. Kadi ya mtu anayeegesha gari haina mkono wa kufunga, kwa hiyo mazungumzo ya kuwachukulia wenzake yanakufa yenyewe bila mtu kugombana. Na macho mawili mapya yameipitia picha bila kuongeza zaidi ya sekunde tatu.

Utepe ulioharibika, uliofungwa vibaya au ulioangukia tope, hautupwi. Unaingia kwenye bahasha ya meza. Geti likifungwa, kila meza inahesabu zilizofungwa kwa daftari, zilizoharibika kwa bahasha, na zilizobaki kwa mkono, na jumla lazima irudi kwenye zile tulizoanza nazo. Usiku wa 0412 meza ya pili ilihesabika vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua: utepe uliotolewa mkononi huhesabiwa sawa na uliofungwa. Kwa hiyo sasa, pembeni ya hesabu, naandika pia sekunde. Namba za nusu saa zikitolewa, nagawanya. Nikikuta meza imeshuka chini ya sekunde 25, naiendea kabla ya kuandika chochote kingine.

Tamasha lililofuata niliweka meza tano. Tulianza na tepe 1,000. Zilizofungwa zilikuwa 688, zilizoharibika 9, zilizobaki 303. Nusu saa iliyokuwa na kasi kuliko zote ilikuwa ya sekunde 28. Nilitia saini, nikampa mwenzangu bahasha na daftari ahesabu upya, nikaenda kusaidia kufunga uzio.